Kadi ya GB 32 iliyosemekana imekufa: kisa kimoja cha Tabora

## Usuli

Kikundi kinachohusika ni cha wafugaji nyuki mkoani Tabora. Jina lake, kata yake na watu wake nimeviacha, na mambo machache yasiyogusa ufundi nimeyabadilisha. Katibu wa kikundi ni mama wa makamo ambaye ndiye mtunza kumbukumbu. Kila mizinga inapokaguliwa hupiga picha, na vilevile hupiga picha stakabadhi za mauzo ya asali na nta pamoja na kurasa za daftari la mahudhurio. Picha hizo zilikuwa kwenye memori kadi ya GB 32 ndani ya simu yake, wala hazikuwa na nakala mahali pengine.

Wakati wa kuandaa taarifa ya mwaka, simu ilianguka na kioo kikapasuka. Ilikuwa bado inawaka na inaita, ila haisikii kidole. Simu janja iliyojifunga isiyoweza kufunguliwa haitoi faili kwa waya wa USB. Ukiichomeka kwenye kompyuta inachaji tu. Kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa kuitoa kadi na kuisoma moja kwa moja kwenye laptopu ya kikundi.

Laptopu hiyo ni ya mtumba, ina Windows 10, na miezi kadhaa kabla ilikuwa imepigwa Windows upya mtaani. Ubavuni ina tundu la kadi, la ukubwa ule wa kadi za kamera. Ofisini kulikuwa pia na kisoma kadi cha USB kilichokuwa kimelala kwenye droo tangu enzi za kamera za dijitali, nacho kina tundu la ukubwa huohuo. Memori ya simu ni ndogo, hivyo kote kuwili ilibidi iingie ndani ya adapta ya plastiki kwanza.

Mtoto wa dada yake katibu, kijana anayejua kompyuta kiasi cha kutosha, ndiye aliyejaribu wa kwanza. Alitia kadi kwenye adapta, adapta kwenye kisoma kadi, kisoma kadi kwenye laptopu. Laptopu ikalia kama kawaida na herufi E: ikatokea, lakini alipoibofya akapata ujumbe `Please insert a disk into Removable Disk (E:).` Yaani laptopu inaomba iwekewe kadi wakati kadi imo ndani.

Kijana hakukurupuka. Alitafuta kadi nyingine, ya GB 2, kutoka kwenye kiswaswadu cha zamani, akaitia kwenye adapta ileile na kisoma kadi kilekile. Ikafunguka, nyimbo zote zikaonekana. Akasema basi kisoma kadi ni kizima. Kisha akairudisha ile ya GB 32, safari hii kwenye tundu la laptopu lenyewe. Hapo hakukutokea chochote, si mlio wala herufi. Hoja yake ikakamilika: kisoma kadi kinasoma kadi nyingine, na hii moja imekataliwa sehemu mbili tofauti, kwa hiyo kadi imekufa. Akamshauri mama yake mdogo anunue nyingine, na hii ijaribiwe kufomatiwa, huenda ikafufuka.

Katibu alifika kwetu karakana na kadi imefungwa kwenye karatasi ya daftari.

"Shikamoo mama. Kuna shida gani?"

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa memori imekufa. Ninachotaka ni zile picha tu, kadi yenyewe sina haja nayo."

"Kuna mtu ameifomati?"

"Alitaka, nikamwambia angoje kwanza."

Kungoja huko ndiko kulikoziokoa picha.

## Maswali kabla ya kugusa kitu

Tuliuliza mambo mawili. La kwanza, kama picha zilikuwa zikifunguka vizuri kwenye simu siku ile kabla haijaanguka. Zilikuwa zinafunguka. Kadi inayokufa polepole kwa kawaida huanza na visa: picha nusu ina rangi ya kijivu, simu inasema kadi imetolewa ilhali haijaguswa. Hapakuwa na kisa chochote.

Swali la pili lina uzito zaidi, na watu wengi hawaliulizi. Simu za Android kuanzia toleo la 6, lililotoka mwaka 2015, zinaweza kuifanya memori kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu. Ukikubali hivyo, simu huifomati kadi na kuifunga kwa msimbo, na ufunguo unabaki ndani ya simu ileile. Kadi ya namna hiyo ikitiwa kwenye laptopu au simu nyingine yoyote haitasomeka, hata kama ni nzima kabisa, na Windows inaweza kukuomba uifomati. Kama kadi ya mama huyu ingekuwa hivyo, kazi yote ingegeuka kuwa ya kutengeneza kioo cha simu, na kadi tungeirudisha ndani bila kuijaribu popote. Akatuambia kadi hiyo aliwahi kuitoa simu hii na kuitia kwenye simu ya jirani ili achukue nyimbo, na nyimbo zilionekana. Kwa hiyo ilikuwa kadi ya kawaida, inayohamishika.

Tukaitazama kadi chini ya taa. Upande wa nyuma memori ndogo ina vipande vinane vyenye rangi ya dhahabu. Vyote vilikuwa safi, hakuna ufa, haijapinda, haina uvimbe. Kwa wafugaji nyuki nilitarajia kukuta nta au gundi ya nyuki imeganda, haikuwepo. Tuliifuta kwa kitambaa kikavu, basi. Wapo wanaosugua kwa kifutio cha penseli. Mimi sishauri, maana tabaka lile la dhahabu ni jembamba mno na likishaondoka halirudi.

## Kadi kwanza, kwa sababu picha zimo humo

Kulikuwa na vitu vinne vya kushuku: kadi, adapta, kisoma kadi cha USB na tundu la laptopu. Tulianza na kadi kwa sababu ndiyo yenye kitu kisichonunulika. Kisoma kadi kikifa leo, kesho unapata kingine.

Njia fupi ya kuihoji kadi peke yake ni kuitia mahali ambapo haipiti kwenye adapta wala kisoma kadi wala laptopu, yaani kwenye simu nyingine. Lakini njia hiyo ina bei yake. Simu ya Android ikipokea kadi huandika vitu vidogo juu yake, kwa mfano folda ya `Android` au `LOST.DIR`. Kwa kadi nzima hilo halina madhara. Kwa kadi ambayo picha zake zimefutwa kwa bahati mbaya, kila kinachoandikwa kinaweza kufunika picha unayoitafuta, na hapo tusingeitia kwenye simu kabisa. Hapa hapakuwa na kilichofutwa, na dalili zilielekea kwenye kadi nzima, hivyo tukakubali. Tulikubaliana pia kwamba simu ikisema kadi ina hitilafu na kutoa kitufe cha kuiandaa, hakuna atakayekigusa, kwa kuwa kuiandaa maana yake ni kuifomati.

Tulizima simu ya karakana, tukatia kadi, tukawasha. Ikafunguka bila kusita. Folda ya `DCIM` ilikuwa na picha zote, na tukafungua chache za mwanzo, chache za katikati na chache za mwisho. Mama akazitambua mpaka stakabadhi za msimu uliopita.

Hapo tuliacha uchunguzi na kufanya uokoaji. Simu ilichomekwa kwenye kompyuta ya karakana kwa waya, folda za stakabadhi na mahudhurio zikatangulia kunakiliwa, kisha zilizobaki. Umeme ulikatika katikati, lakini kompyuta ile ina betri, kazi ikaendelea. Kunakili kulipoisha tulilinganisha idadi ya faili na ukubwa wa jumla pande zote mbili, vikalingana. Nakala ya pili ikaenda kwenye flashi ya mama mwenyewe.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hatukuishia hapo, maana mteja ameshapata alichotaka. Sababu ni mbili. Ofisi ya kikundi inapokea kadi za wanachama mara kwa mara, na tatizo lingerudi na kadi inayofuata. Tena sasa tulikuwa na kitu ambacho kijana hakuwa nacho: kadi ya GB 32 iliyothibitika kuwa nzima na yenye nakala, ambayo tunaweza kuijaribu popote bila hofu.

## Kisoma kadi

Kabla ya kuelezea tulichokiona, inafaa kujua laptopu inasema nini katika kila hali, kwa sababu watu huziita zote kwa jina moja la "haisomi".

Ukichomeka kisoma kadi na laptopu isilie, wala kitu kipya kisitokee popote, mazungumzo hayajafika hata kwenye kisoma kadi. Shuku tundu la USB, waya au kisoma kadi chenyewe. Ikilia na herufi ikatokea, lakini ikasema uweke diski, maana yake kisoma kadi kiko hai na kinaongea na laptopu, ila hakipati jibu kutoka kwenye kadi. Ikikuomba ufomati, umepiga hatua kubwa: kadi inajibu, umeme na mguso viko sawa, ila mpangilio wa faili haueleweki au umeharibika. Hali ya mwisho ni ya kadi inayoonekana na ukubwa wake kamili lakini haina herufi, ambayo kwa kawaida huisha kwa kuipa herufi ndani ya Disk Management.

Ya kijana ilikuwa hali ya pili. Tuliithibitisha kwa amri hizi kwenye dirisha la amri la laptopu ya kikundi:

```
diskpart
list disk
```

Jibu lilikuwa hivi:

```
Disk ###  Status         Size     Free
--------  -------------  -------  -------
Disk 0    Online          465 GB      0 B
Disk 1    No Media           0 B      0 B
```

Hiyo Disk 1 ni kisoma kadi chenyewe kinachojitambulisha kikiwa mtupu. Kisoma kadi cha USB kina kichipu chake ndani, nacho hujibu laptopu hata kama hakuna kadi. Ndiyo maana herufi E: ilitokea. Herufi hiyo ilikuwa ya kisoma kadi, na haikusema lolote kuhusu kadi. (Ukiwa ndani ya `diskpart` andika `list disk` halafu `exit`, usijaribu maneno mengine. Ndani yake kuna amri inayofuta diski nzima bila kukuuliza mara mbili.)

Tulianza kubadilisha kitu kimoja kimoja. Tundu jingine la USB: jibu lilelile. Kompyuta ya karakana badala ya laptopu: jibu lilelile. Kisha tukaacha kadi na adapta vilevile, tukabadilisha kisoma kadi tu, tukatia chetu. Disk 1 ikawa Online, GB 29, na picha zikafunguka. GB 29 ndiyo kadi ya GB 32 yenyewe: mtengenezaji anahesabu kwa maelfu, Windows inahesabu kwa 1024, na hakuna kilichoibwa.

Kwa hiyo mbovu ni kisoma kadi cha droo. Lakini hapo kuna fundo. Kilekile kilisoma kadi ya GB 2 mbele ya macho ya kijana, na kiliisoma tena mbele yetu. Kama meno yake yamechakaa, mbona yanaigusa hii vizuri na ile hapana, tena kupitia adapta moja? Tukaleta kadi ya tatu, ya GB 8, nzima, inayotumika kila siku karakana. Kisoma kadi cha droo kikaikataa: No Media. Tukaleta nyingine ya GB 1. Kikaikubali.

Hapo jambo likawa wazi. Kisoma kadi hakikuharibika. Kilitengenezwa kabla ya kadi kubwa.

## Kwa nini GB 2 inapita na GB 8 inakwama

Kadi za SD za mwanzo huitafuta data kwa kuhesabu baiti mojamoja, na nambari ya anwani ina biti 32. Nambari hiyo haiwezi kuvuka GB 4, na kiwango rasmi cha SD ya kawaida kiliishia GB 2. Mwaka 2006 kikaja kiwango cha SDHC, kwa kadi zinazozidi GB 2 mpaka GB 32. Humo anwani haihesabu baiti tena. Inahesabu mafungu ya baiti 512, na hivyo nambari ileile ya biti 32 inafika mbali zaidi.

Sasa fikiri ingekuwaje kisoma kadi cha zamani kikiongea na kadi mpya bila kujua mabadiliko haya. Kingeomba baiti ya 512, na kadi ingekipa fungu la 512, mahali tofauti kabisa. Kwa kusoma ungepata takataka, na kwa kuandika ungeharibu faili. Waliobuni SDHC waliliona hilo. Kadi inapowashwa inasubiri kisoma kadi kitamke kwamba kinazielewa kadi kubwa. Kisipotamka, kadi inaendelea kujibu kwamba haiko tayari. Kisoma kadi cha zamani hakijui tamko hilo. Kinauliza, kinasubiri, kinakata tamaa, na kinaiambia laptopu kwamba hakuna kadi.

Kwa macho hakuna tofauti. Umbo la kadi ni lile, vipande vya dhahabu vipo vilevile, inaingia na kukaa sawasawa. Dalili pekee ni maandishi. Kadi ya mama ilikuwa na herufi HC karibu na alama ya microSD. Ganda la kisoma kadi liliandikwa `SD/MMC/MS` na kuishia hapo, bila HC popote. Maandishi hayo si ushahidi kamili, maana visoma kadi vingine vya bei rahisi vina ganda la zamani na kichipu kipya ndani, au kinyume chake. Ndiyo maana tuliamini jaribio la GB 8 kuliko ganda.

## Tundu la laptopu

Hapa dalili ilikuwa tofauti tangu mwanzo. Tundu la laptopu halikulia wala kuonyesha herufi. Dalili tofauti ni sababu ya kutosha kulichukulia kama tatizo la peke yake, badala ya kuliunganisha na la kisoma kadi.

Tulitia kwanza kadi ya kamera ya ukubwa kamili, isiyohitaji adapta, ili adapta isiingie kwenye hesabu. Kimya. Tukafungua Device Manager, na jibu likawa limeandikwa pale: chini ya Other devices kulikuwa na mstari `Base System Device` wenye alama ya njano. Kwenye laptopu za umri ule, mara nyingi jina hilo lisilo na maana ni tundu la kadi ambalo Windows imeliona lakini haina draiva yake, yaani programu ya kuliendesha. Laptopu ilipopigwa Windows upya, aliyepiga alihakikisha sauti, mtandao na picha vinafanya kazi, akaishia hapo. Simlaumu sana, ni wateja wachache wanaojaribu tundu la kadi kabla ya kulipa.

Hatukubahatisha draiva. Ukibofya kifaa hicho, ukaenda Properties, kisha Details, ukachagua Hardware Ids, unapata mstari wenye `VEN_` na `DEV_`, kila kimoja kikifuatwa na tarakimu na herufi nne. Cha kwanza kinamtaja mtengenezaji wa kichipu, cha pili kinataja kichipu chenyewe. Tukalinganisha na draiva iliyo kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu kwa modeli ileile, tukaipakua, tukaiweka, tukawasha upya. Nisingeshauri zile programu zinazodai kukutafutia draiva zote kwa mpigo. Nyingi huja na wageni wasioalikwa.

Baada ya kuwasha, kadi ya kamera ilifunguka. Kisha ile ya GB 32 ndani ya adapta nayo ikafunguka, ila tulipojaribu kuandika faili dogo tukaambiwa diski imezuiwa kuandikwa. Kitufe kidogo cha ubavuni mwa adapta kilikuwa kimeteleza upande wa kufunga. Kitufe hicho hakijaunganishwa na kitu chochote ndani ya kadi. Ni kipande cha plastiki ambacho tundu hukihisi kilipo na kuamua lenyewe kuheshimu. Tulikirudisha, kuandika kukakubali. Kwa kazi ya kuokoa picha ningekiacha kimefungwa makusudi, alimradi nimehakikisha kwamba tundu hilo linakiheshimu.

## Matokeo

Picha zote zilipatikana, na taarifa ya mwaka iliandikwa. Kadi ilirudi kwa mwenyewe bila kufomatiwa. Tundu la laptopu linafanya kazi, hivyo ofisi haikuhitaji hata kununua kisoma kadi kipya mara moja. Kile cha droo kilibandikwa karatasi iliyoandikwa "GB 2 tu" na kurudi kwenye droo, kwa kuwa wanachama kadhaa bado wana viswaswadu vyenye kadi za ukubwa huo.

## Uchambuzi

Jaribio la kijana la kutia kadi nyingine kwenye kisoma kadi lilikuwa sahihi, na wengi wasingelifanya. Tena lilithibitisha mambo mengi kuliko alivyojua: tundu la USB ni zima, kisoma kadi kina umeme, na adapta inapitisha mawasiliano. Kilichomponza ni aina ya kadi aliyoshika. Kadi ya GB 2 ilithibitisha kwamba kisoma kadi kinasoma kadi za GB 2. Swali lililokuwa mezani lilihusu kadi ya GB 32, na kati ya hizo mbili kuna mpaka wa kiwango. Kadi ya kupimia inatakiwa iwe ya jamaa moja na inayoshukiwa: HC kwa HC, na kwa kadi zinazozidi GB 32, ambazo huitwa SDXC, tafuta XC. Kama unayo ya jamaa nyingine tu, ukifaulu nayo umejua nusu.

Kosa la pili ni la kuhesabu. Kadi ilikataliwa sehemu mbili, akazichukua kama mashahidi wawili wa jambo moja. Lakini mashahidi wenyewe hawakusema neno moja: mmoja alisema "weka diski", mwingine alinyamaza. Kama kadi ingekuwa imekufa kweli, tundu zima la laptopu lingeonyesha angalau dalili ya kuwapo kwa tundu lenyewe kwenye Device Manager, na kadi nyingine ingesomeka humo. Tundu hilo halikujaribiwa kwa kadi nyingine yoyote. Kwa upande wa kisoma kadi alifanya jaribio la kulinganisha, kwa upande wa tundu hakulifanya, na hitimisho zima likaegemea upande ambao haukupimwa.

Kilichofanya kazi kwetu ni mpangilio zaidi kuliko ujuzi. Jaribio la kadi kwenye simu lilikwepa vitu vitatu kwa mpigo, na lilipofaulu liligeuza kadi kutoka mshukiwa kuwa kipimo. Baada ya hapo kila kitu kingine kilihojiwa kwa kutumia kadi hiyo. Tungeanza na tundu la laptopu, tungekuwa tunatafuta draiva huku hatujui kama tunachotia humo ni kizima.

Jaribio hilo lina mpaka. Lingefeli, tusingekuwa na haki ya kusema kadi imekufa. Simu iliyotumika ingeweza kuwa haiungi mkono ukubwa ule, au kadi ingekuwa imefungwa na simu ya kwanza pengine mama hajui. Hatua ambayo ingefuata ni kisoma kadi cha kisasa kwenye kompyuta, na kuangalia jambo moja tu: je, ukubwa unaonekana? Kadi inayoonyesha ukubwa wake sahihi lakini haifunguki bado ina nafasi, na kinachotakiwa ni kuinakili yote kama ilivyo kabla ya kujaribu kurekebisha chochote. Inayoonyesha 0 B kwenye visoma kadi viwili vya kisasa vilivyothibitika ni vizima, hiyo kichipu chake cha ndani hakijibu, na programu ya mtaani haiwezi kuiongelesha. Kuifomati haiwezekani pia, kwa hiyo hata ushauri wa kuifufua kwa kufomati usingefaa kitu.

Hatukupima kadi nzima. Tulisoma sehemu zenye picha, na zote zilisomeka bila kosa. Sehemu tupu hazikupimwa, na simu iliyopigwa chini inaweza kuwa imeacha jeraha humo. Tulimweleza mama hivyo, akaamua kadi itumike kwa nyimbo, na picha za stakabadhi ziende kwenye kadi mpya. Ile mpya ni ya GB 64, kwa hiyo tuliijaribu kwenye tundu la laptopu kabla hajaondoka. Ikafunguka. Kisoma kadi cha droo, kama ilivyotarajiwa, kikasema hakuna kadi.